Kuingia kwenye ajenda moja ya kikao cha wenyewe

*Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya lambo katika kijiji kimoja wilayani Bahi. Nimesikia Halmashauri ya Kijiji, kwenye kikao chake cha mwezi huu, ina ajenda ya kuwakodishia vijana eneo la kando ya lambo walime mboga. Mimi si mjumbe. Nataka kuingia kwenye ajenda hiyo tu, niseme yetu, nitoke. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliingia kikao kikageuka kuwa cha kwake, na tangu hapo wanatukwepa. Niombeje, na nikishaingia nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Nilikuwa mtendaji kwa miaka 22, kwanza wa kijiji, baadaye wa kata, huko huko Bahi na kisha Chamwino. Barua za maombi kama lako zilikuwa zinapita mezani kwangu, na vikao vilivyoharibika vilikuwa vinaishia kwenye daftari langu la mihtasari. Nitakujibu nikiwa upande ule wa meza.

Anza kwa kujua unaomba kuingia wapi. Halmashauri ya Kijiji si mkutano wa hadhara. Ina wajumbe 15 hadi 25, wakiwamo wenyeviti wa vitongoji. Mwenyekiti wa kijiji anaongoza, mtendaji ni katibu. Asiye mjumbe anaingia kwa kualikwa, anasema akipewa nafasi, na kura hana. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni habari nyingine: pale kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe, na wewe umo bila kuomba kwa mtu. Sasa sikiliza hapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka Halmashauri ya Kijiji ipate kibali cha mkutano mkuu kabla ya kugawa ardhi ya kijiji. Hata kama wataita kukodisha, mimi eneo la wote kama kando ya lambo nisingekubali liishie mikononi mwa watu ishirini bila wanakijiji kuulizwa. Kwa hiyo neno la mwisho halitoki siku hiyo.

Hili nimelitanguliza kwa sababu nimeona wageni wengi wakiteka kikao kwa hofu. Mtu anadhani akitoka pale hajashinda, basi kila kitu kimekwenda. Anaongea mpaka sauti inakauka, anamjibu kila mjumbe, anakataa kukaa chini. Wewe huendi kushinda. Unaenda kuhakikisha kwamba pendekezo litakalotoka mle ndani limeandikwa na watu waliokwisha kusikia jambo moja ambalo ninyi wa lambo mnalijua na wao pengine hawalijui. Ukishalisema wakalielewa, kazi yako mle ndani imekwisha.

Sasa kuomba. Ajenda zinaandaliwa na mtendaji kwa kushauriana na mwenyekiti, kwa hiyo barua iende kwa mtendaji. Lakini kabla hajaifungua, mwenyekiti awe ameshalisikia kutoka kinywani mwako, uso kwa uso, kwake nyumbani au mtakapokutana. Kikao ni cha mwenyekiti. Akilisoma kwenye karatasi kwanza ataona umempitia pembeni. Na usimtumie mjumbe mnayeelewana naye akuombee. Najua inavutia, kwa sababu ni rahisi. Tatizo ni kwamba siku ya kikao utaonekana ni mtu wa fulani, na wale wasiopatana na fulani watakukataa hata kabla hujakohoa.

Kwa mwenyekiti ndiko mahali pa kulizungumza la mwaka jana. Usiliweke kwenye barua, maana barua inakaa kwenye faili na itakuja kusomwa na mtendaji mwingine asiyejua chochote. Sema kwa mdomo, kwa ufupi, bila kumchongea mwenzenu: "Mwenyekiti, kikao kile cha mwaka jana tulikivuruga, na kamati imeliona hilo. Safari hii nakuja peke yangu, naomba dakika tano kwenye ajenda ya lambo, na nikishajibu maswali natoka." Halafu nyamaza umsikilize. Akikulaumu, pokea lawama. Kama alikuwa na kinyongo, ni heri akitoe pale chini ya mwarobaini wake kuliko mbele ya wajumbe.

Wakati nao una uzito wake. Omba kabla taarifa ya kikao haijasambazwa kwa wajumbe, ili jina lako litokee kwenye karatasi ya ajenda na kila mjumbe aje akijua kuna mwalikwa. Kama taarifa imeshatoka, bado unaweza kuomba, ila sasa mwenyekiti atalazimika kulileta pale mwanzoni, wakati kikao kinathibitisha ajenda zake, na wajumbe ndio watakaokubali au kukataa. Mahali pasipofaa kabisa ni kwenye mengineyo. Niliwahi kumruhusu mtu aingie kwenye mengineyo, nikiwa bado mgeni kazini. Wajumbe walikuwa wamechoka, nusu yao wameshafunga madaftari, na jambo lake, ambalo lilikuwa la msingi, lilijadiliwa kwa dakika chache na watu waliokuwa wamesimama. Azimio halikupatikana, na yeye akaondoka akiamini amedharauliwa.

Mtendaji akiipokea barua yako atajiuliza mambo ambayo hatakuambia. Kikao kitarefuka kiasi gani? Huyu anakuja na wangapi? Je, atatarajia posho, wakati hata ya wajumbe inasuasua? Nikimruhusu yeye, kesho kamati ya shule na kamati ya zahanati nazo zitataka? Na ataondoka saa ngapi? Barua nzuri inayajibu yote hayo kabla hayajaulizwa. Barua mbaya ni ile inayosema "tunaomba kushiriki kikao chenu ili kutoa maoni yetu kuhusu masuala ya lambo". Hapo umeomba kikao kizima, kwa watu wasiojulikana idadi, kwa masuala yasiyojulikana mwisho. Mimi barua ya namna hiyo nilikuwa naiweka chini ya rundo.

Kwanza muulize mtendaji ajenda hiyo imeandikwaje na ina namba gani, maana uliyoyasikia njiani yanaweza kuwa tofauti na kilichoandikwa. Muulize pia kama suala limepita Kamati ya Fedha na Mipango au ndiyo kwanza linaanza. Kama limepita huko, wajumbe watakuwa na pendekezo mkononi, na wewe utazungumzia pendekezo hilo, si uvumi. Kisha andika hivi, ukibadilisha panapohusika:

> Mtendaji wa Kijiji,
>
> Yah: OMBI LA KUALIKWA KWENYE AJENDA NA. 5 YA KIKAO CHA HALMASHAURI YA KIJIJI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Kamati ya Lambo inaomba mjumbe wake mmoja, ambaye ni katibu, aalikwe kwenye ajenda Na. 5 pekee, inayohusu kukodisha eneo la kando ya lambo.
>
> Katibu ataeleza kwa dakika tano mipaka ya eneo la maji na mapito ya mifugo, kama kamati ilivyoyapima, na kujibu maswali ya wajumbe. Baada ya hapo atatoka ili kikao kiendelee na majadiliano. Maelezo yameandikwa kwenye ukurasa mmoja ulioambatanishwa.
>
> Kamati haitarajii malipo yoyote kwa mwaliko huu. Iwapo nafasi haitapatikana, tunaomba maelezo hayo yasomwe kwa wajumbe wakati wa ajenda hiyo.
>
> Natanguliza shukrani.

Angalia mambo mawili kwenye barua hiyo. La kwanza ni neno "atatoka". Umetaja mwenyewe mwisho wako, mtendaji hana haja ya kuwaza namna ya kukutoa. La pili ni ile sentensi ya posho. Watu wanaona aibu kuiandika, lakini ndiyo inayomwondolea mtendaji mzigo mkubwa kuliko yote, kwa sababu ukiingia ukasaini karatasi ya mahudhurio pamoja na wajumbe na baadaye kukawa na malipo, kutazuka maneno. Sentensi ya kusomewa maelezo kama nafasi haipo nayo isiachwe. Inampa njia ya kukukatalia bila ugomvi, na jambo lenu likafika hivyo hivyo.

Tuje kwenye huo ukurasa mmoja, maana dakika tano ni chache na watu wengi wanazimaliza kwenye salamu na historia. Usiwaeleze lambo lilichimbwa lini na nani alipigana lichimbwe. Wanajua. Nenda na mambo matatu.

La kwanza ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu chanzo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Lakini usiende na sheria mdomoni tu. Siku mbili kabla, nendeni watu watatu na kamba ya mita 20. Anzieni pale maji yanapofika masika lambo likijaa, si pale yalipo sasa, kwa sababu mwezi wa Septemba lambo la Bahi linaweza kuwa limenywea mpaka likakudanganya. Nyoosheni kamba mara tatu, pigeni vigingi. Fanyeni hivyo pande zote nne, mchore mchoro wa mkono. Mjumbe akiambiwa "mita 60" anasikia namba. Akiambiwa "vigingi vyetu vimefika kwenye ule mbuyu upande wa mashariki, na upande wa magharibi vimevuka njia ya baiskeli" anaona eneo.

La pili ni mapito ya mifugo. Semeni ng'ombe wanaingilia wapi na wanatokea wapi, na upana wake kwa hatua. Bustani ikikaa kwenye mapito, kesi ya kwanza ya ng'ombe kula mchicha itafika ofisi hiyo hiyo ya kijiji ndani ya mwezi mmoja. Hilo wajumbe watalielewa haraka kwa sababu wao ndio watakaoamua kesi hizo.

La tatu ni ombi lenu. Liwe moja na liwe linaloweza kuandikwa kwenye azimio kwa mstari mmoja: kwamba kama eneo litakodishwa, bustani zianzie nje ya vigingi vilivyopigwa na mapito yaachwe wazi. Hapa kuwa mwangalifu. Usiombe vijana wanyimwe. Hujaitwa kuamua kama vijana walime au wasilime. Hiyo ni hoja ya wajumbe, na baadhi ya vijana hao ni watoto wao. Umeitwa kwa ajili ya maji. Ukivuka hapo hata kwa sentensi moja umeshakuwa mshindani wa upande mmoja, na maelezo yako yote ya kamba na vigingi yatachukuliwa kuwa ni silaha.

Siku yenyewe, fika mapema lakini kaa nje. Hata kama mlango uko wazi na mjumbe mmoja anakupungia mkono uingie, subiri uitwe. Kikao kinaanza kwa kufunguliwa, ajenda zinathibitishwa, muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa, yanakuja yatokanayo. Humo ndani kuna mambo ya watu: nani hajalipa mchango, nani ana mgogoro na jirani. Si yako kuyasikia. Saa mbili za kukaa chini ya mti zinachosha, nakubali, lakini mgeni aliyeingia kwenye ajenda ya kwanza akisubiri ya tano huwa ameshachangia mara mbili kabla zamu yake haijafika. Nimeliona hilo mara nyingi mno. Anaanza kwa kutikisa kichwa, anafuatia na "naomba kusaidia kidogo hapo".

Ukiitwa, ingia, salimia mara moja, kaa utakapoonyeshwa. Kama kuna karatasi ya mahudhurio, andika jina lako sehemu ya waalikwa. Kama sehemu hiyo haipo, mwombe mtendaji aichore. Usisaini kwenye orodha ya wajumbe. Hili si jambo dogo la karatasi. Siku azimio likipingwa, mtu atahesabu majina aone kama akidi ilitimia, na jina la asiye mjumbe katikati ya orodha linatosha kuzua mgogoro.

Sema ukimwelekea mwenyekiti. "Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Nina mambo mawili na ombi moja." Gawa nakala za ukurasa wako kabla ya kuanza, si katikati, maana karatasi zikizunguka watu hawasikii. Weka saa mahali unapoiona. Ukifika dakika ya tano hujamaliza, taja ombi lenu ukae. Mengine yako kwenye karatasi. Nilikuwa na mwenyekiti mmoja, mzee mtulivu sana, ambaye hakuwahi kumkatisha mgeni. Alikuwa anavua kofia anaiweka mezani. Wajumbe wote walijua maana yake, wageni hawakujua, na mgeni aliyeendelea baada ya kofia kukaa mezani alikuwa haitwi tena.

Baada ya hapo yatakuja maswali, na hapa ndipo kikao kinapotekwa. Mara nyingi si kwa nia mbaya ya mgeni, anavutwa. Nitakueleza namna tatu nilizozizoea.

Mjumbe mmoja atakuuliza jambo la nje ya ajenda. Nakuhakikishia hili litatokea, kwa sababu wamekukwepa mwaka mzima na sasa wamekupata. "Hivi zile hela za kuchangia kufukua tope, ziliishia wapi?" Damu itakupanda. Ukianza kujieleza, dakika arobaini zimekwenda na ajenda ya bustani imegeuka kuwa ajenda ya hesabu za kamati. Jibu hivi: "Mwenyekiti, hilo ni swali la haki, ila sikuitiwa hilo leo na sina daftari hapa. Kamati italeta maelezo ya maandishi kwa mtendaji kufikia Ijumaa." Na Ijumaa ifike ukiwa umeyapeleka. Usipoyapeleka, safari nyingine hawatakuamini hata kwa mita 60.

Namna ya pili, wajumbe wawili wataanza kubishana wao kwa wao, na mmoja atakugeukia: "Si ndivyo, katibu?" Anataka uwe shahidi wake. Kama ni jambo la kupimika, jibu lililopimwa: "Upande wa mashariki vigingi vimefika kwenye mbuyu." Kama ni maoni, sema: "Hilo naliacha kwa wajumbe." Usimtaje mjumbe kwa jina, na usiseme "kama alivyosema mheshimiwa fulani", maana utakuwa umeshachagua upande.

Namna ya tatu ni ngumu zaidi kwa sababu inakuja kama heshima. Mwenyekiti, labda kachoka, atakuambia: "Haya katibu, wewe ndiye mtaalamu wa lambo, hebu tuongoze." Watu wataanza kunyoosha mikono wakikutazama wewe. Usimpe mtu yeyote nafasi ya kusema, hata kwa kidole. Mtazame mwenyekiti mpaka yeye amtaje msemaji. Kama anasisitiza, mwambie: "Mwenyekiti, niko tayari kujibu, wewe nielekeze swali la nani." Kiti kimerudi kwake, na hakuna aliyeaibika.

Maswali yakipungua, usisubiri kuondolewa. "Mwenyekiti, kama hakuna swali jingine kwangu, naomba ruhusa nitoke mwendelee." Ukweli ni kwamba hapa wengi wanashindwa, kwa sababu majadiliano matamu ndiyo yanaanza na unatamani kusikia. Toka. Ukiwamo ndani, mjumbe ambaye ana ng'ombe hatasema anachokifikiri kuhusu kamati yenu, na mjumbe mwenye mtoto anayetaka bustani atanyamaza au atakushambulia. Azimio litakalopitishwa ukiwa umekaa pale, hata likiwa la haki, litasemwa njiani kuwa ni lako. Lipo jambo moja tu la kukubakiza: mwenyekiti mwenyewe akisema subiri, tunaweza kukuhitaji. Hata hapo, omba usubiri nje, karibu na mlango.

Nikueleze kisa kimoja uone gharama yake. Miaka ya nyuma, katika kata niliyokuwa nahudumu, mtu wa mradi mmoja aliomba dakika kumi kwenye kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ombi lilikuja kwa simu, jioni ya kuamkia kikao. Akafika na wenzake watatu, bango kitita, na kalamu za rangi. Diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikao hicho, alimpa nafasi kwa ukarimu. Akatugawa kwenye makundi. Wenyeviti wa vijiji, watu wazima waliotoka mbali kwa baiskeli, wakaandikishwa changamoto kwenye vikaratasi wakabandike ukutani. Ilichukua karibu saa mbili. Alipomaliza, watu wa vijiji vya mbali walikuwa wanaangalia jua, wakaanza kuaga mmoja mmoja, akidi ikavunjika. Ajenda iliyofuata ilikuwa ya bati za madarasa mawili, na kwa kukosa azimio ikalala mpaka kikao kingine, mvua zikiwa zimeshaanza. Yule bwana hakuwa mtu mbaya, na mradi wake ulikuwa na faida. Ila kila nikipita shule ile nakumbuka watoto walivyohamishiwa chini ya mti, kisha mvua ikaja. Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba dakika kumi ndizo zilizosababisha.

Wakikukatalia, usikae dirishani na usipeleke watu wa kupiga kelele nje. Ni haki yao kukataa. Mwombe mtendaji asome ule ukurasa wenu wakati wa ajenda, na umuulize baadaye kama alisoma. Kisha jiandae kwa mkutano mkuu, ambako unaweza kunyoosha mkono kama mwanakijiji yeyote. Huko nako si ruhusa ya kuongea saa nzima, lakini utakuwa ni mjumbe, si mwalikwa, na vigingi vyenu vitakuwa bado vimesimama ardhini kwa yeyote anayetaka kwenda kuviona.

Ukialikwa ukatoka salama, siku mbili zinazofuata zina kazi ndogo. Mpelekee mtendaji nakala safi ya ukurasa wako na mchoro, aviambatanishe na muhtasari. Mwombe dondoo ya ajenda hiyo moja pindi muhtasari utakapothibitishwa; usiombe muhtasari wote, kwa sababu mengine hayakuhusu na atalazimika kukukatalia. Kwa kamati yako, waeleze ulichosema na ulichoulizwa, basi. Usiseme mjumbe gani alikunja uso, nani alionekana kukubali. Bahi maneno yanatembea upesi kuliko pikipiki, na ukinukuliwa sokoni ukimtaja mjumbe, mwenyekiti aliyekufungulia mlango ndiye atakayeulizwa.

Kikao cha mwezi unaofuata kitapitia yatokanayo, na suala la lambo litatajwa tena pale, safari hii wewe ukiwa haupo. Mtendaji atasoma kutoka kwenye karatasi yako. Kwa hiyo andika namba zile kwa mkono unaosomeka, na kwenye mchoro weka alama ya mbuyu.